Fungua menyu kwanza: maswali ya mistari, rangi na giza la nusu skrini

Fundi, monita yangu ina mstari mmoja mwembamba wa kijani, kutoka juu mpaka chini. Nimebadilisha kebo tatu. Ninunue ya nne?

Usinunue, na hata hizo tatu ulizinunua bure. Kebo ya HDMI hubeba data za pikseli zote kwa nyaya zilezile chache, zikipita moja baada ya nyingine. Waya ukilegea, makosa yatatawanyika: nukta zinazometameta huku na kule, picha kukatika na kurudi, au giza tupu. Kebo haijui safu ya 700 iko wapi, kwa hiyo haiwezi kuichagua hiyo peke yake na kuichora kijani kila siku mahali palepale.

Anayejua safu ni paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha. Kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, kijani na samawati, na kila safu ya vipande hivyo ina njia yake ya umeme kutoka kwenye vipande vyembamba vya plastiki vilivyogandishwa pembezoni mwa kioo, vyenye chipu ndani yake. Njia moja ikiachia pale ilipogandishwa, unapata mstari mmoja wa rangi moja. Ikiachia chipu nzima, unapata ukanda mpana wenye kingo zilizonyooka.

Thibitisha hivi. Bonyeza kitufe cha monita ufungue menyu yake, ile ya mwangaza na rangi, kisha uisogeze mpaka ikae juu ya mstari. Menyu hiyo huchorwa na bodi kuu ndani ya monita. Haipiti kwenye kebo wala haitoki kwenye kompyuta. Mstari ukiikata, kebo na kompyuta hazina kesi. Menyu ikibaki safi huku picha iliyo nyuma yake ina mistari, hapo ndipo urudi kwenye kebo, tundu na kadi ya michoro.

Wako ni wa paneli, na paneli huwa haitengenezwi kwa gharama yenye maana. Kama mstari uko pembeni, ishi nao.

Skrini ina mistari. Shida ni nini?

Mingapi? Mipana au myembamba? Inatembea au imetulia? Menyu imekatwa au haikukatwa? Barua za namna hii ninazo kumi na moja mwezi huu. Soma jibu la juu, fanya jaribio, kisha uandike tena.

Picha yote imekuwa na rangi ya samawati-kijani, nyekundu haipo kabisa. Paneli imekufa?

Paneli haifi hivyo. Nina hakika unatumia kebo ya VGA, ambayo hupeleka kila rangi kwa waya wake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 samawati. Nyekundu ikikatika, nyeupe hugeuka kama ulivyoeleza. Ikikatika kijani, utaona zambarau inayoelekea waridi. Ikikatika samawati, utaona njano. Chomoa kebo uangalie kama kuna pini iliyopinda au iliyozama, kisha irudishe na kukaza skrubu zake. Watu huziacha skrubu wazi halafu wanalaumu kioo.

Kwa wenye HDMI hadithi ni nyingine. Picha nzima ikiwa ya waridi na kijani, mara nyingi kompyuta inatuma rangi kwa mfumo wa YCbCr na monita inazisoma kama RGB. Badilisha kwenye mipangilio. Na skrini inayokuwa ya njano kila jioni, tafadhali, zima hali ya usiku kabla ya kuniandikia.

Nusu ya kulia ni nyeusi, ya kushoto ni nzima. Fundi mmoja amesema taa ya nyuma imeungua. Ni kweli?

Mwulize kama alizima taa za chumba na kumulika tochi. Taa ya nyuma ikifa, picha bado ipo kwenye kioo: ukimulika kwa pembe, karibu na kioo, utaiona kwa kufifia. Tena kingo za giza la taa huwa hazikatiki ghafla, hufifia polepole. Nusu iliyokatwa kama kwa rula katikati, isiyo na picha hata kwa tochi, ni suala la ishara.

Niliwahi kuletewa monita ya namna hiyo. Menyu ilikatwa katikati, tochi haikuonyesha kitu, na gizani ile nusu nyeusi ilikuwa na mng'ao hafifu, kwa hiyo taa ilikuwa inawaka. Ndani kuna bodi ndogo ambayo mafundi huiita tikoni. Hupokea picha kutoka bodi kuu na kuigawa kwa tepe mbili bapa za nyaya, moja kwa kila nusu. Bodi kuu niliitoa kwenye orodha mapema, kwa sababu nusu ya kushoto ilikuwa haina dosari hata ndogo.

Nilichomoa umeme, nikasubiri, nikachomoa tepe ya kulia, nikafuta ncha zake kwa spiriti na kuirudisha. Hakuna badiliko. Nikaipima tepe yenyewe kwa mita, njia moja baada ya nyingine: njia mbili hazikulia, yaani zilikuwa zimekatika. Tepe ilikuwa imekunjwa kwa ukali pale inapopinda. Nikaweka nyingine na nusu ikarudi. Tepe nayo si ya kuokota tu: idadi ya njia, nafasi kati yake na upande ulio na shaba lazima vilingane, la sivyo unapeleka umeme kusikostahili na kuua kioo kilichokuwa kizima.

Kama tepe ingekuwa nzima, ningepima volti zinazotoka tikoni kwenda kila upande. Zikitoka sawa na nusu bado imekufa, kosa liko kwenye paneli. Zikikosekana upande mmoja, chomoa tepe ya upande huo upime tena: zikirudi, paneli ndiyo iliyokuwa inazivuta chini, zisiporudi, ni tikoni.

Wenye paneli za TN, aina mojawapo ya vioo vya LCD, wajue kwamba nusu isiyo na ishara kwao huwa nyeupe. Na usifungue ukiwa hujui kapasita kubwa ya bodi ya umeme iko wapi. Kwenye umeme wa volti 230 hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Nimepiga picha ya skrini kwa kompyuta, mistari haionekani humo. Kadi ya michoro ni nzima?

Si lazima. Mistari ikionekana humo ukiifungua kwenye simu, kosa liko kwenye kompyuta. Isipoonekana, kadi bado inaweza kuwa inaharibu mwishoni, kwenye tundu la kutolea. Chomeka monita nyingine.

Mistari hupotea nikibonyeza ukingo wa chini. Nimewekea kipande cha kadibodi, ni sawa?

Umejipa utambuzi sahihi na tiba mbovu. Shinikizo linarudisha mguso ulioachia kati ya plastiki na kioo, lakini kadibodi inakaza sehemu moja, na kioo hupasuka kuanzia hapohapo. Hata wanaopasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele huniandikia tena baada ya wiki chache.

Nami nikuulize: unaisafisha vipi? Maji yakipulizwa moja kwa moja kwenye kioo hushuka mpaka ukingo wa chini, na kwenye monita nyingi chipu za safu ziko hapo. Puliza kwenye kitambaa.