Mstari mmoja wa pikseli 32: maswali yenu kuhusu kubana picha kwa mkono

Zoezi la kubana mstari mmoja wa picha ya nyeusi na nyeupe, kisha kutafuta uwiano wa ukubwa wa awali kwa ukubwa mpya, limeleta maswali mengi, na karibu yote yanagusa jambo moja: ni biti zipi zinazopaswa kuhesabiwa. Mstari wenyewe ni huu. 0 ni nyeupe, 1 ni nyeusi, na nafasi nimeziacha ili jicho lisipotee tu.

```
00000000 1111 0000000000 11 00000000
```

Shikamoo mwalimu. Mimi nimehesabu mifululizo ya pikseli za rangi moja nikapata 8, 4, 10, 2, 8. Namba tano tu! Nikaandika uwiano ni 32 kwa 5, yaani 6.4. Mwenzangu kapata 1.6. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ingawa mifululizo umeihesabu vizuri. Umegawanya pikseli kwa namba, na hivyo si vitu vya aina moja. Kila pikseli hapa ni biti moja, lakini namba kama 10 haikai kwenye biti moja. Ili kuigawanya 32 kwa haki, lazima kwanza uziandike zile namba tano kwa biti, kama zitakavyokaa kwenye faili.

Mfululizo mrefu kuliko yote una pikseli 10. Biti tatu zinafika 7 tu, biti nne zinafika 15, kwa hiyo tunachukua biti nne kwa kila namba:

```
1000 0100 1010 0010 1000
```

Hizo ni biti 20. Ukigawanya 32 kwa 20 unapata 1.6.

Angalia pia kwamba hatukuandika rangi mahali popote. Tumekubaliana kwamba mstari unaanza na nyeupe, kisha rangi zinapokezana zenyewe. Mstari ukianza na nyeusi, namba ya kwanza inakuwa 0, maana yake "nyeupe hakuna, endelea". Ukisahau hiyo 0, picha nzima itarudi na rangi zimegeuzana. Nimewaona wengi wakiweka biti ya rangi mbele ya kila namba. Si kosa, ila hapo kila mfululizo unakula biti tano, jumla 25, na uwiano unashuka hadi 1.28 kwa kuandika kitu ambacho msomaji wa msimbo angekijua bila kuambiwa.

Kwa nini tusitumie biti tatu ili zipungue zaidi? Mfululizo ukizidi 7 tunaukata vipande.

Inawezekana, na ni vizuri uijaribu kwa kalamu kabla ya kuniamini. Pikseli nane nyeupe zinakuwa 7, halafu 0 nyeusi ili zamu ya rangi irudi kwa nyeupe, halafu 1. Namba moja imezaa tatu. Kumi nazo zinakuwa 7, 0, 3. Mstari wote unasomeka hivi: 7, 0, 1, 4, 7, 0, 3, 2, 7, 0, 1. Ni namba kumi na moja, mara biti tatu, jumla 33.

Tulianza na 32, tumeishia na 33. Uwiano ni kama 0.97, na ukiona uwiano ulio chini ya 1 ujue "umebana" kitu kikavimba. Ukienda upande wa pili ukachukua biti tano, unapata 25. Biti nne ndizo zinazoufaa mstari huu, lakini hazifai kila mstari. Chukua pikseli 32 zinazopishana nyeupe na nyeusi moja moja, kama ubao wa drafti: mifululizo ni 32, kila mmoja biti nne, jumla 128. Hapo uwiano ni 0.25, na faili imekuwa kubwa mara nne.

Kuna kitabu kinaandika 20 gawanya kwa 32, kinapata 0.625. Ni kosa?

Hapana, wamegeuza sehemu tu. Mimi naweka ukubwa wa awali juu, wao wameuweka chini. Andika ulichogawanya kwa nini, basi. Ukitaka asilimia iliyookolewa, ni biti 12 kati ya 32, sawa na 37.5%.

Mimi nilitumia kamusi. Nilikata mstari vipande vya pikseli nne nne, vikaja vya aina tatu tu, kila kimoja nikakipa msimbo wa biti mbili. Nimepata biti 16, uwiano 2.0. Mbona nimesahihishiwa 1.14?

Kazi yako naipenda, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Vipande vyako ni hivi:

```
0000 0000 1111 0000 0000 0011 0000 0000
```

Ukimwita 0000 A, 1111 B na 0011 C, mstari unakuwa A A B A A C A A. Vipande vinane, biti mbili kila kimoja, 16. Mpaka hapo hakuna kosa.

Sasa jiweke upande wa anayepokea. Amepata biti 16. A ni nini kwake? Hajui. Lazima umtumie kamusi pamoja na ujumbe, na kamusi yako ina vipande vitatu vya pikseli nne, yaani biti 12. Kumi na sita na kumi na mbili ni 28, na 32 kwa 28 ni 1.14. Hiyo 2.0 ingekuwa halali kama mpokeaji angekuwa na kamusi tayari, mmekubaliana tangu mwanzo.

Kamusi inaanza kulipa pale wengi wanapoichangia. Tuseme picha ina mistari 20, yote imejengwa kwa A, B na C. Awali ni biti 640. Misimbo ni 20 mara 16, yaani 320, na kamusi inatumwa mara moja tu, biti 12. Jumla 332, uwiano kama 1.93. Gharama ya kamusi imegawanywa kwa mistari mingi hata haionekani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaligundui mpaka waone kwa macho. Sogeza mstari wetu pikseli moja kulia, mifululizo iwe 9, 4, 10, 2, 7. Kwa kuhesabu mifululizo bado ni namba tano, bado biti 20. Kata sasa vipande vya nne nne:

```
0000 0000 0111 1000 0000 0001 1000 0000
```

Aina zimekuwa nne. Misimbo bado inatosha kwa biti mbili, 16, lakini kamusi imefika biti 16 nayo. Jumla 32, uwiano 1.0. Picha ni ileile, imesogea unywele mmoja tu, na faida yote imeyeyuka, kwa sababu mipaka ya vipande haifuati mipaka ya rangi. Ukitaka kujua kama njia yako ya vipande ni imara au imebahatika, isogeze picha pikseli moja uhesabu tena.

Nimejaribu LZW, ile kamusi isiyotumwa. Nimepata biti nyingi kuliko za mwanzo, na wakati wa kusimbua nikakutana na namba ambayo haipo kwenye kamusi. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. LZW inaanza na kamusi ya vitu viwili tu, 0 na 1. Kila hatua unachukua kipande kirefu zaidi unachokijua, unatoa namba yake, kisha unaongeza kwenye kamusi kipande hicho pamoja na pikseli inayofuata. Kipya cha kwanza kinapewa namba 2. Kwa mstari wetu vipande na namba zake vinakuja hivi:

```
0 | 00 | 000 | 00 | 1 | 11 | 1 | 0000 | 00000 | 0 | 11 | 000000 | 00
0 | 2  | 3   | 2  | 1 | 6  | 1 | 4    | 9     | 0 | 6  | 10     | 2
```

Namba 13. Kubwa kuliko zote ni 10, inayohitaji biti nne, kwa hiyo 13 mara 4 ni 52, na uwiano ni kama 0.62. Hata ukiwa mwangalifu ukaanza na biti moja na kuongeza upana kadiri kamusi inavyokua, unatumia biti 1 hatua ya kwanza, 2 kwa hatua mbili, 3 kwa nne na 4 kwa sita za mwisho. Jumla 41. Bado imevimba.

Sababu inaonekana kwenye vipande vyenyewe. Mwanzoni vina pikseli moja, mbili, tatu: kamusi bado inajifunza. Inapofika hatua ya 12 na kumeza pikseli sita kwa namba moja, mstari umekwisha. Ada ya masomo imelipwa, na hakuna kazi iliyobaki ya kuirudisha. Mpe LZW picha nzima yenye mistari inayofanana, ndipo utaiona ikifanya kazi.

Sasa ile namba usiyoikuta kwenye kamusi. Tazama 9. Aliyesimba aliiunda hatua ya 8 na kuitumia papo hapo hatua ya 9, wakati anayesimbua, ambaye anaijenga kamusi ileile mwenyewe kutokana na namba anazopokea, siku zote yuko nyuma kwa ingizo moja. Anajua kwamba 9 ni 0000 na pikseli moja zaidi, ila hiyo pikseli hajaiona. Lakini fikiri: pikseli hiyo ndiyo inayoanzisha kipande kinachofuata, na kipande kinachofuata ni hiyo 9 yenyewe, inayoanza na 0000. Basi pikseli ni 0, na 9 ni 00000. Kanuni ni kuchukua kipande kilichotangulia na kukirudia herufi yake ya kwanza mwishoni. Kwenye mstari huu kanuni hiyo inahitajika mara nne, kwa 2, kwa 3, kwa 6 na kwa 9. Picha zenye mifululizo mirefu huileta sana, na programu isiyo na kanuni hiyo itakwama kwenye namba ya pili kabisa.

Haya mambo ya mifululizo yanatumika kweli mahali, au ni ya mtihani tu?

Faksi imeishi kwa hayo. Kiwango cha T.4 cha mwaka 1980 kinaukata mstari wa karatasi ya A4 kuwa pikseli 1728, kikaipa kila mfululizo msimbo wa urefu wake, jedwali moja la nyeupe na jingine la nyeusi. Mstari mtupu wote mweupe unaandikwa kwa biti 9 za "1728" na biti 8 za "0", jumla 17. Uwiano unakaribia 101.6. Ila kila mstari unafungwa kwa alama ya biti 12, nayo imo kwenye waya, hivyo ihesabu: 1728 kwa 29, karibu 59.6.

Nimeupitisha mstari wetu kwenye majedwali hayo:

```
10011 011 00111 11 10011
```

Biti 20, sawasawa na hesabu yetu ya biti nne kwa kila namba. Ongeza alama ya kufunga mstari, biti 12, unapata 32.