Elfu kumi ya fundi inaishia wapi? Maswali na majibu

"Mwalimu, jana nimelipwa elfu kumi kibaruani, jioni yote imeishia kwa mama ntilie. Mnasema hela inazaa. Imezaa wapi? Mimi naona imekufa." (Saidia fundi, Nkuhungu)

Mfukoni mwako imekufa kweli, sibishi. Lakini tuifuate. Tuseme ulilipa sahani nne za wali maharage kwa 2,500 kila moja, zikiwemo tatu ulizokuwa unadaiwa. Kwa mama ntilie hiyo 10,000 ni mauzo, siyo kipato, na hapa ndipo wengi huteleza. Kabla hajagusa faida, kuna mchele uliokuja na lori kutoka Mbeya, kuna mafuta ya kula yaliyotoka ng'ambo, kuna sukari na majani ya chai. Namba nazipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi: vitu hivyo vinakula 5,000, na hiyo tayari imeshapanda basi kutoka Dodoma. Inayobaki ni 2,000 faida yake, 1,000 ya binti anayeosha vyombo, 1,000 ya muuza mkaa na 1,000 ya mwenye bustani ya mchicha. Hao wanne sasa wana kipato cha 5,000 ambacho asubuhi hawakuwa nacho.

Nao hawakai na hela. Binti anasuka nywele, muuza mkaa anampa kazi fundi baiskeli. Tukisema kila mzunguko nusu inabaki mjini na nusu inatoka, baada ya 5,000 inakuja 2,500, kisha 1,250, kisha 625, mpaka inakuwa ya kununulia kiberiti. Jumlisha zote pamoja na 10,000 yako: vipato vya watu wa Dodoma vinakaribia 20,000. Wachumi wanaiita kizidishi, na hapa kizidishi ni 2. Ukitaka njia ya mkato, chukua 1, gawanya kwa sehemu inayotoka kila mzunguko. Ikitoka nusu, unapata 2. Zikitoka saba katika kumi, unapata kama 1.4 tu.

Richard Kahn wa Cambridge aliandika hesabu ya namna hii mwaka 1931, akitaka kujua kibarua mmoja aliyeajiriwa kwenye kazi za umma anazalisha ajira ngapi nyingine. Na angalia: noti haikuzaa noti. Ni ileile. Kilichoongezeka ni kazi iliyofanyika, yaani sahani zilizopikwa, nywele zilizosukwa, baiskeli iliyozibwa pancha.

"Kwa hiyo nikinunua mafuta ya alizeti ya Kibaigwa badala ya haya ya mawese kutoka nje, naujenga mkoa? Au ni siasa tu?" (Mama wa nyumbani, Ipagala)

Unaujenga, ila siyo bure. Ukinunua ya kutoka nje, kinachobaki hapa ni faida ndogo ya mwenye duka na ujira wa mbeba mzigo. Ukinunua ya alizeti, kuna mkulima wa Kongwa, kuna mwenye mashine ya kukamua na vijana wake, na kuna mashudu yanayobaki, ambayo mfugaji wa kuku anayanunua. Sehemu kubwa zaidi ya hela yako inapita kwenye mikono ya watu wa hapa kabla ya kutoka. Hata hivyo dizeli ya mashine na vipuri havilimwi Kongwa.

Sasa upande wa pili. Ikiwa alizeti imekuzidishia 2,000 kwa lita, hiyo 2,000 umeitoa mahali. Pengine ilikuwa ya kinyozi wa mwanao, naye ni mtu wa Ipagala vilevile. Ukihesabu aliyepata, mhesabu na aliyekosa. Ni kosa ambalo hata wataalamu wenye tai hulifanya wanapotangaza faida za mradi.

"Serikali imehamia Dodoma, Mtumba majengo yanaota kila kona. Mbona huku Chang'ombe hela hatuioni?" (Fundi cherehani)

Kwa sababu nyingi inapita, haikai. Nilipojenga chumba kimoja cha nyongeza nyumbani kwangu, niliweka kila risiti kwenye bahasha, halafu nikapanga mafungu mawili. Saruji, nondo, bati, rangi na vigae vilijaza fungu la kwanza. Vyote vimesafirishwa kuja hapa, na tulichobakiza ni faida ya duka la vifaa. Fungu la pili lilikuwa la mchanga, kokoto, matofali, maji ya boza na ujira. Fungu la kwanza lilikuwa nene mara mbili ya lile la pili. Ukiona ghorofa, basi, usiihesabu yote kuwa hela ya Dodoma. Hesabu mafundi na wanaowalisha.

Mishahara nayo ina mabomba yake. Mtumishi mwenye familia Dar anatuma hela huko, na tangu treni ya SGR ilipofika hapa mwaka 2024, kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili kumekuwa kwepesi. Na kodi ya nyumba ndiyo bomba lisilosemwa. Mwenye nyumba akiwa anaishi mtaani kwako, kodi aliyopokea inarudi kwako kama suruali ya kupunguza kiuno. Akiwa anaishi mkoa mwingine, kodi inaruka kwa simu na humwoni hata sura.

"Hela ikiongezeka mtaani, si bei zitapanda tu? Bunge likianza, vyumba vya gesti vinapanda hapohapo." (Dereva bajaji, Area C)

Umeshika penyewe. Vyumba havijengwi kwa wiki moja. Vikijaa, hela ya ziada haimpi mtu kazi mpya, inapandisha bei tu. Lakini jiangalie na wewe mwenyewe. Saa ngapi kwa siku umeegesha bajaji unasubiri abiria? Ukipata abiria watano wa ziada hutapandisha nauli, utaendesha tu. Kizidishi kinafanya kazi pale penye mikono na mashine zinazosubiri.

Jambo hili lilipimwa Siaya, magharibi mwa Kenya. Kaya maskini zaidi ya 10,500 zilipewa kila moja kama dola 1,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, wakiwemo majirani ambao hawakupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: kila dola iliyoingia ilileta kama dola 2.5 za shughuli za uchumi eneo hilo, na bei kwa wastani zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Majirani wasiopewa nao walinufaika. Sababu mojawapo ni hiyo ya bajaji yako: maduka na mashine za kusaga vilikuwepo, vikisubiri wateja. Usiichukue hiyo 2.5 ukaibandika Area C lakini. Kijiji na jiji havivuji sawa.

"Nikiweka akiba, ndiyo nimewanyima wenzangu kipato?" (Mwanakikoba, Kikuyu)

Inategemea umeiweka wapi. Ikiwa kwenye kopo chini ya kitanda, mzunguko umesimama hapo. Ikiwa kwenye kikoba, Jumamosi inakopeshwa kwa mwenzako wa kukaanga samaki, na Jumatatu ameshanunulia karai. Mwekahazina wenu akifungua daftari, aandike pembeni ya kila mkopo ulinunua nini na wapi. Mistari ishirini tu itawaonyesha kikoba chenu kinavuja kiasi gani.