Kusoma tafsiri kwa sauti

"Nimeshahakiki kimya mara mbili, kumsomea mzawa wa lugha kutaongeza nini?"

Kutaongeza sana. Ukisoma kimya unajijazia maana uliyoitoa kwenye matini chanzi. Msikilizaji hana cha kujijazia. Natafsiri vipeperushi vya afya hapa Dodoma. "Mtoto anapaswa kuwa amepatiwa chanjo na mzazi" ilipita karatasini, ila jirani aliyekulia Kiswahili akauliza, "Kwani mzazi ndiye anayechanja?" Ikawa "Mzazi, mpeleke mtoto kliniki akachanjwe."

Msikilizaji wako asishike karatasi. Usimuulize "umeelewa?", atakuitikia kwa heshima tu, mwombe akusimulie alichosikia, na utie alama pale ulimi wako unapokwama. Tarakimu zilizokosewa na sentensi zilizorukwa hatazigundua, hizo ulinganishe na matini chanzi.