Bajeti ya insulini: hesabu vichupa, si uniti

Swali: Mama yangu ana kisukari. Anachoma insulini ya kichupa, uniti 24 mara moja kwa siku, na kupima sukari mara 2. Natenga kiasi kilekile kila mwezi, lakini ipo miezi pesa haitoshi. Nakosea wapi?

Jibu: Pole kwa uuguzaji. Inaelekea unahesabu kwa mwezi, wakati dawa hii haifuati mwezi.

Kichupa cha mililita 10 chenye uniti 100 kwa mililita kina uniti 1,000. Kwa uniti 24 kwa siku, hesabu ya haraka inakupa siku 41. Lakini insulini nyingi za kichupa, zikishafunguliwa, hutumika siku 28 tu. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi lake. Mama atatumia uniti 672 na nyingine 328 zitamwagwa. Inauma kumwaga dawa uliyoinunua, ndiyo maana wengi huivuta hadi tone la mwisho. Nguvu yake ikipungua, sukari hupanda bila sababu ya kueleweka, na familia huanza kulaumu chakula. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa kwa kalamu isiyofutika.

Siku 365 ukigawa kwa 28 unapata vichupa 13, si 12. Kichupa kikifunguliwa tarehe 1 Januari, cha pili kinafunguliwa tarehe 29 Januari. Huo ndio mwezi unaokukaba. Ongeza kimoja cha akiba, kikae kwenye friji bila kufunguliwa na bila kugandishwa. Ukikianza, nunua kingine siku hiyohiyo.

Muulize pia daktari kuhusu insulini ya kalamu. Kalamu ya mililita 3 ina uniti 300. Ukiongeza uniti 2 za kujaribishia sindano kabla ya kuchoma, inatosha siku 11, basi hakuna kinachomwagwa kwa kupitwa na muda. Kwa mwaka ni kalamu 34, yaani maboksi 7 ya kalamu tano tano. Linganisha bei ya maboksi 7 pamoja na sindano zake na bei ya vichupa 13 pamoja na sirinji. Usilinganishe kalamu moja na kichupa kimoja.

Stripu za kupimia ni 730 kwa mwaka. Kwa kopo la stripu 50 ni makopo 15, ila zipo zitakazoharibika kwa damu kuwa kidogo, kwa hiyo weka 17. Mashine ya bei rahisi isikuvutie kabla hujauliza bei ya stripu zake, maana kwa kawaida haipokei za mashine nyingine.

Nauli hesabu ya watu wawili, kwenda na kurudi, kwa kila kliniki, na vipimo vya maabara vya siku hiyo.

Jumlisha vyote vya mwaka, gawa kwa 12, kisha weka kiasi hicho kila mwezi mahali pasipochanganyika na pesa ya matumizi. Kinachobaki mwezi wenye kichupa kimoja usikiguse. Ni cha mwezi wa vichupa viwili. Jumla ikizidi uwezo wako, mweleze daktari wazi, kwa sababu idadi ya vipimo au aina ya insulini huweza kubadilishwa. Dozi usiipunguze wewe.