Kipigo kisichoacha alama kwa mjamzito

*Dada mkunga, mume wangu hajawahi kunipiga. Ila tangu nishike mimba, kadi ya kliniki anaificha yeye na simu yangu anaipekua kila usiku. Huo nao ni ukatili?*

Ndiyo. Mimi kadi ndiyo inayonitisha zaidi, maana anayeishika ndiye anayeamua uende kliniki lini, na presha iliyopanda haijulikani bila kupimwa. Kunyimwa nauli na kulazimishwa tendo la ndoa ni mlemle. Jiulize: ukimkatalia jambo, unaogopa kitakachofuata?

*Nina mimba ya miezi saba. Juzi alinisukuma, tumbo likagonga ukingo wa kitanda. Sina jeraha wala damu haijatoka. Nisubiri kliniki ya mwezi ujao?*

Nenda hospitali leo hii, hata kama mtoto anacheza. Tumbo likigongwa, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, na kondo ndilo linalompa mtoto hewa na chakula. Damu inaweza kujikusanya nyuma yake isitoke hata tone, huku mama akiishiwa damu kwa ndani na mtoto akikosa hewa. Dalili zake ni tumbo kukaza likawa gumu kama ubao, maumivu yasiyoachia, mgongo kuuma, au mtoto kupunguza kucheza. Zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku nzima.

Waambie wazi kwamba tumbo liligongwa, kwa sababu ukisema "naumwa tumbo" tu utapewa panadoli urudi nyumbani. Mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa saa kadhaa, si dakika tano. Ulizia pia kundi lako la damu: kama ni hasi, kuna sindano ya anti-D ya kukinga mimba hii na zijazo, na inatakiwa ndani ya saa 72 tangu ugongwe. Hiyo "juzi" yako ndiyo inayonifanya nikuharakishe.

*Huingia nami hadi kwa daktari na kunijibia maswali. Nitasemaje?*

Ukipelekwa kutoa mkojo, mnong'oneze muuguzi: "Nyumbani si salama." Atatafuta sababu ya kukuona peke yako. Mwombe asiandike neno kwenye kadi ambayo mume anaisoma. Abaki nalo kwenye faili la hospitali. Kutoka hapo anaweza kukuunganisha na ustawi wa jamii, polisi au nyumba salama.

*Mdogo wangu mjamzito alikabwa koo jana na sauti imekauka. Nimwambie aondoke?*

Kwanza hospitali, hata kama shingo haina alama. Sauti kukauka, kumeza kwa shida na vidoa vyekundu machoni ni dalili za hatari, na koo linaweza kuvimba baadaye. Aliyekabwa mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuuawa na mtu huyohuyo.

Kuondoka, aondoke, ila asimtangazie. Siku ya kuaga ndiyo wengi huumizwa vibaya. Akitoka hospitali aende moja kwa moja mahali ambapo mume hapajui. Kwako atakuja kumtafuta kwanza. Kitambulisho, kadi, dawa na nguo za mtoto umchukulie wewe, mume akiwa hayupo. Simu yake aizime, kama inaonyesha alipo.