Giza Silo Linaloleta Kuvu kwenye Mkate

Hivi karibuni mwalimu mmoja wa kidato cha kwanza hapa Mwanza aliniandikia kwamba wanafunzi wake waliweka kipande cha mkate kabatini katika mfuko uliofungwa, na kingine dirishani juu ya sahani. Cha kabatini kikaota kuvu, nao wakahitimisha kwamba kuvu huletwa na giza. Kikundi changu kiliwahi kulipinga jambo hilohilo kwenye maonyesho ya sayansi, mbele ya mtathmini aliyetukatiza bila hata kufunua daftari letu. Kukatizwa huko bado kunaniuma, maana watoto wa kikundi changu walikuwa sahihi.

Tulinunua mkate mmoja kwa mwokaji wa mtaani, kwa kuwa mikate mingi ya viwandani hutiwa kalsiamu propionati, ambayo huchelewesha kuvu. Joto la tanuri huua kuvu waliokuwamo kwenye unga, kwa hiyo tuliviacha vipande 12 vilivyolingana wazi kwenye sinia moja kwa nusu saa, ili vyote vipokee spora za hewani. Kisha kila kipande kikaingia katika chupa yake ya glasi. Chupa 6 zilifungwa kwa mfuniko, na 6 zikafunikwa kwa kipande cha chandarua. Nusu ya kila kundi iliwekwa chini ya boksi lililoinuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite, na nusu nyingine ikabaki kwenye mwanga. Zote zilikaa meza moja, mbali na jua, ili joto lisitofautiane.

Chupa za mfuniko ziliota kuvu kwenye mwanga na gizani vilevile: kwanza nyuzi nyeupe, kisha vichwa vyeusi vya Raizopasi na mabaka ya kijani-buluu ya Penisilia. Mkate wa chini ya chandarua ulikauka ukawa mgumu, iwe gizani au kwenye mwanga. Kilichotenganisha makundi ni maji, na dalili yake ilitangulia kuvu wenyewe, kwani kuta za ndani za chupa zilizofungwa zilipata umande.

Mwalimu mwenzangu, usimruhusu mwanafunzi abadilishe mambo mawili kwa pamoja kisha achague moja la kulisifu. Mwambie pia apime uzito wa mkate mwanzoni na mwishoni, maana wakati wa masika hewa ya huku ziwani ina unyevu mwingi, na mkate wa chini ya chandarua unaweza kukawia kukauka ukaota kuvu nao. Kupima ukuaji, bandika nje ya glasi karatasi angavu yenye miraba ya sentimita 1, uhesabu kila mraba ambao kuvu wameufunika zaidi ya nusu.

Ukitaka kuongeza jokofu, tumia chupa za mfuniko tu. Penisilia humea hata kwenye nyuzijoto 4, ingawa polepole, lakini Raizopasi karibu husimama kabisa. Andika kila umeme unapokatika. Chupa iliyoota kuvu isifunguliwe darasani, hasa palipo na mwanafunzi mwenye pumu. Mwalimu aifungulie nje ndani ya ndoo ya maji yenye dawa ya klorini, na mkate ulowe humo hadi kesho yake ndipo ufukiwe.