Kufuli la pili mlangoni

Swali la wiki: "Mpangaji amekaa miezi mitatu bila kulipa kodi. Je, mwenye nyumba akifunga mlango au akitoa vyombo nje, amekosea?"

Amekosea, na nasema hivyo nikiwa Mombasa, ambako kufuli la pili limekuwa jambo la kawaida kila ifikapo tarehe tano. Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kwamba wenye nyumba wengi hawajui wangefanya nini badala yake.

Jirani yangu wa zamani huko Kisauni alikuwa mama mmoja fundi cherehani, amepanga chumba cha shilingi 2,200 kwa mwezi katika nyumba ya Kiswahili. Kodi ya miezi mitatu ilimlemea, yaani deni la shilingi 6,600. Mfungo ulikuwa umeanza na vitambaa vya wateja vimejaa chumbani. Alimwendea mwenye nyumba akamwambia, "Mzee wangu, nivumilie hadi Idi, watu wanashonesha." Mzee akanyamaza. Kesho yake, fundi akiwa sokoni kununua nyuzi, mlango ulitiwa kufuli jipya na cherehani ikachukuliwa pamoja na vitambaa vya watu. Wateja walikuja kudai nguo zao kwa mwanamke aliyesimama uani na watoto wake, hana hata kanga ya kubadilisha. Cherehani ile ndiyo ambayo ingelipa deni. Kuhusu vitambaa, mzee hakuwa na dai lolote, kwa sababu havikuwa mali ya mpangaji wake.

Deni la kodi halivunji upangaji lenyewe. Mpangaji anabaki na haki ya kukaa chumbani hadi upangaji utakapokomeshwa kisheria, na mwenye nyumba, ingawa jengo ni lake, hana ruhusa ya kuingia akajichukulia. Kwa chumba kama kile, ambacho kodi yake haizidi shilingi 2,500, inatumika Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296. Mzee angeanza kwa kudai deni kwa maandishi na kumpa fundi ilani ya kuhama. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, ilani isipungue mwezi mmoja. Ilani ikiisha na mpangaji asihame, bado mlango haufungwi. Hapo mwenye nyumba hupeleka ombi kwenye baraza la kodi lililoundwa na sheria hiyo, akiwa na daftari lake la malipo. Kutolipa kodi ni sababu inayokubalika ya kurudishiwa chumba, lakini baraza hupima pia kama ni haki kumtoa mtu, na laweza kuahirisha amri ili deni lilipwe kidogo kidogo. Amri ikitoka na kupuuzwa, ndipo dalali mwenye leseni humtoa mpangaji kwa nguvu ya amri hiyo. Kodi ikipita kiwango hicho, shauri la nyumba ya kuishi huenda mahakamani, lakini kufuli la kujichukulia sheria bado halina nafasi.

Vyombo vina njia yake, na hapa ndipo watu huchanganya. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali kufidia deni, na mali hukaa siku 14 ili mpangaji apate nafasi ya kuikomboa kabla haijauzwa. Kwa vyumba vya kodi ndogo, baraza lazima litoe idhini kwanza. Mavazi na matandiko hayakamatwi, na vifaa vya kazi vinalindwa kwa kiasi. Tena, hata ukamataji halali hudai pesa tu. Haumtoi mtu nyumbani.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba wenye nyumba wa namna hii wapelekwe polisi wote, kwa kuwa kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai chini ya Sura ya 296. Lakini yule mzee alikuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vile tu, na shauri huweza kuchukua miezi huku deni likikua. Kwa hiyo naona mwenye nyumba asingoje miezi mitatu: ilani aitoe kodi ya kwanza inapokosekana, na ombi alipeleke mara ilani inapoisha. Huenda hilo likaonekana ukali kwa mpangaji, na kwa mtu aliyefiwa au aliyelazwa hospitali nisingelishauri kabla ya mazungumzo. Hata hivyo, fundi aliyepewa ilani mapema angekuwa mbele ya baraza akiomba kulipa kwa awamu baada ya Idi, cherehani yake ikiwa bado inafanya kazi, na mzee angekuwa na amri mkononi iwapo awamu hizo zingekatika.